Lenzi Ndani ya Jicho kwa Wasioona Mbali: Vipimo Vinavyoamua na Hatari Inayobaki

Wakazi wanaovaa miwani mizito ya kuonea mbali mara nyingi huambiwa kwenye kliniki ya macho kwamba upasuaji wa leza hauwafai. Wengi huondoka wakiamini kuwa hakuna njia nyingine ila miwani maisha yote. Njia nyingine ipo. Daktari bingwa wa macho anaweza kuweka lenzi ndogo laini ndani ya jicho, mbele ya lenzi ya asili, bila kuiondoa lenzi hiyo ya asili. Kwenye fomu za hospitali lenzi hii huandikwa kwa herufi ICL.

Hata hivyo, si kila jicho lina nafasi ya kuipokea lenzi hiyo. Isitoshe, hata upasuaji ukifanikiwa kabisa, jicho lenyewe hubaki na hatari lililokuwa nayo awali. Makala haya yanaeleza mambo hayo mawili, ili mkazi anayefikiria njia hii aingie kwa daktari akijua cha kuuliza.

Kwa nini leza humkataa mwenye namba kubwa

Mwanga unapoingia jichoni hupindwa kwanza na konea, yaani kile kioo angavu kilicho mbele kabisa ya jicho. Kisha hupita kwenye mboni, ukapindwa tena na lenzi ya asili, na kukutana kwenye retina, utando mwembamba ulio nyuma ya jicho unaopokea picha. Jicho la kawaida la mtu mzima lina urefu wa takriban milimita 23 hadi 24 kutoka mbele hadi nyuma. Jicho la mtu asiyeona mbali huwa refu kupita kiasi hicho, hivyo mwanga hukutana kabla ya kufika kwenye retina na picha ya mbali ikawa na ukungu. Kwa mwenye namba kubwa sana, urefu huo unaweza kufika milimita 28 au zaidi.

Leza hurekebisha hali hiyo kwa kuchonga konea ili iwe bapa zaidi. Kadiri namba ya miwani ilivyo kubwa, ndivyo konea inavyopaswa kuchongwa zaidi. Hapo ndipo tatizo linapoanzia, kwa sababu konea ya katikati ina unene wa kama nusu milimita tu.

Chukua mfano wa mwalimu mwenye umri wa miaka 27 ambaye miwani yake ni -14 kwa kila jicho. Akiivua, huona vizuri hadi umbali wa sentimita 8 hivi kutoka machoni, na zaidi ya hapo kila kitu kina ukungu. Miwani hukaa mbali kidogo na jicho, hivyo namba hiyo ikipelekwa kwenye konea yenyewe huwa takriban -12. Konea yake ina unene wa mikroni 505. Mikroni 1,000 ni sawa na milimita moja.

Katika upasuaji wa leza unaofanywa sana, daktari kwanza hukata kifuniko chembamba juu ya konea, chenye unene wa kama mikroni 110, akakifunua na kuchonga chini yake. Kwa eneo la kuchonga lenye upana wa milimita 6.5, kila namba moja hula takriban mikroni 14. Namba 12 zitakula mikroni 168. Ukitoa 110 na 168 kutoka 505, zinabaki mikroni 227 chini ya kifuniko. Madaktari hawakubali zibaki chini ya 250, na wengi hutaka 300. Konea iliyopunguzwa kupita hapo inaweza kudhoofika na kuanza kufura kuelekea mbele miezi au miaka baadaye, na kuharibu macho ambayo miwani ilikuwa inayasaidia.

Ipo pia leza ya juu ambayo haikati kifuniko. Kwa namba kubwa kama ya mwalimu huyu, konea inaweza kupata utando mweupe wa kovu wakati wa kupona, na namba ikarudi kiasi. Tena, konea iliyofanywa bapa mno hutoa picha isiyo safi, hasa usiku. Kwa hiyo jibu kwake ni lilelile: leza haifai. Watu wengine hukataliwa leza hata kwa namba ndogo zaidi, kwa sababu konea zao ni nyembamba kiasili au umbo lake si la kawaida.

Lenzi inakaa wapi

Nyuma ya konea kuna chumba kidogo chenye maji safi. Nyuma ya maji hayo kuna iris, ile sehemu ya rangi inayozunguka mboni, na nyuma yake lenzi ya asili. Lenzi ya kupachikwa huingizwa katika nafasi nyembamba iliyo kati ya iris na lenzi ya asili. Pembe zake nne hukaa kwenye mfereji mdogo unaozunguka nyuma ya iris, na sehemu ya katikati huinama kidogo kama daraja juu ya lenzi ya asili bila kuigusa.

Imetengenezwa kwa plastiki laini iliyochanganywa na kolajeni kidogo, na inaweza kukunjwa. Haionekani kwa mtu anayekutazama, wala mwenyewe haisikii jichoni kama zile lenzi za kuvaa na kuvua kila siku. Mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani iliidhinisha lenzi ya aina hii mwaka 2005. Mwaka 2022 iliidhinisha toleo lenye tundu dogo sana katikati. Tundu hilo huruhusu maji ya jicho kupita. Kwa toleo la zamani, daktari alilazimika kwanza kutoboa iris kwa leza ili maji yasizibwe.

Faida moja huwashangaza wengi. Miwani mizito ya kuonea mbali hufanya vitu vionekane vidogo kuliko vilivyo. Lenzi ikiwa ndani ya jicho, upungufu huo huondoka kwa kiasi kikubwa. Baadhi ya wagonjwa wenye namba kubwa husoma mistari midogo zaidi kwenye ubao wa kupimia macho kuliko walivyoweza wakiwa na miwani.

Vipimo vinavyoamua

Masharti ya Marekani yanaruhusu lenzi hii kwa watu wa umri wa miaka 21 hadi 45, wenye namba kuanzia -3 hadi -20, ambao namba yao haijabadilika kwa zaidi ya nusu katika mwaka uliopita. Kwa walio kati ya -15 na -20, lengo ni kupunguza namba, kwa hiyo wanaweza kuhitaji miwani myepesi baadaye. Kijana ambaye miwani yake hubadilishwa kila mwaka hushauriwa asubiri, maana jicho linaloendelea kurefuka litaiacha lenzi nyuma. Mama mjamzito au anayenyonyesha naye husubiri.

Baada ya hapo vinafuata vipimo vya jicho lenyewe. Anayevaa lenzi za machoni huziacha kwanza kwa muda atakaoambiwa na daktari, kwa kawaida wiki moja au mbili kwa zile laini na zaidi kwa zile ngumu, kwa sababu hubadilisha umbo la konea na kupotosha vipimo.

Kipimo cha kwanza ni kina cha kile chumba cha maji, kutoka nyuma ya konea hadi mbele ya lenzi ya asili. Masharti ya Marekani yanataka kisipungue milimita 3.0, na baadhi ya madaktari kwingineko hukubali 2.8. Jicho lenye kina kidogo kuliko hapo halina nafasi. Lenzi ikilazimishwa humo itabana sehemu nyingine za jicho. Huu ni mlango unaofungwa kwa watu kadhaa, na hakuna dawa ya kuongeza kina hicho.

Cha pili ni idadi ya seli zinazofunika upande wa ndani wa konea. Kazi yake ni kusukuma maji nje ili konea ibaki angavu. Kijana mwenye afya huwa na takriban seli 2,500 hadi 3,000 katika kila milimita moja ya mraba. Zikifa hazioti tena, na upasuaji wowote ndani ya jicho huua chache. Mwenye seli chache tangu mwanzo hashauriwi kuziweka hatarini.

Cha tatu ni upana wa jicho kwa ndani, ambao ndio huamua ukubwa wa lenzi itakayoagizwa. Lenzi hizi hutolewa katika saizi chache tu, na tofauti kati ya saizi moja na inayofuata ni karibu nusu milimita. Tutaona hapa chini kwa nini nusu milimita hiyo ni jambo kubwa.

Mwisho, daktari hupima presha ya jicho, kisha hupanua mboni kwa matone na kuchunguza retina hadi pembezoni. Akipata mahali palipochanika au palipotoboka, hupaziba kwanza kwa leza kabla ya kufikiria lenzi. Mgonjwa mwenye glakoma au mtoto wa jicho huelekezwa kwenye matibabu mengine.

Mwalimu wa mfano wetu ana kina cha milimita 3.2, seli 2,700, presha ya kawaida, na namba yake haijabadilika kwa miaka miwili. Retina yake haina tundu. Leza imemkataa, lakini nafasi ya lenzi anayo.

Siku ya upasuaji

Mboni hupanuliwa kwa matone na jicho hutiwa ganzi. Mgonjwa huwa macho lakini hasikii maumivu. Daktari hukata mlango mdogo wa kama milimita 3 pembeni mwa konea na kujaza jeli angavu ndani ya chumba cha mbele ili kulinda seli na kupata nafasi ya kufanyia kazi. Lenzi iliyokunjwa husukumwa kupitia mrija mwembamba na kujikunjua polepole ndani. Kisha pembe zake nne huingizwa moja moja nyuma ya iris, na jeli huoshwa itoke. Kwa jicho moja kazi yenyewe kwa kawaida haizidi nusu saa. Madaktari wengine hufanya macho yote siku moja, wengine hutenganisha siku.

Mgonjwa hapaswi kupanda matatu kurudi nyumbani mara tu anapotoka kwenye chumba cha upasuaji. Presha ya jicho hupimwa saa chache baadaye, na jicho huangaliwa tena siku inayofuata. Mkazi anayetoka mbali apange mahali pa kulala karibu na hospitali na awe na mtu wa kumsindikiza. Baadaye hutumia matone ya kuzuia maambukizi na ya kupunguza uvimbe kwa wiki kadhaa, hasugui jicho, na haruhusu maji ya bomba, ya mto au ya bahari kuingia jichoni hadi daktari amruhusu.

Mambo yanayoweza kwenda kombo

Tatizo la mapema kabisa ni presha ya jicho kupanda katika saa 24 za kwanza, mara nyingi kwa sababu jeli kidogo imebaki ndani na kuziba njia ya maji. Dalili zake ni maumivu ya jicho, kichwa kuuma upande huo, kichefuchefu na macho kuona ukungu. Dawa ya maumivu kutoka dukani haitoshi. Daktari anaweza kuitoa jeli hiyo au kutoa dawa ya kushusha presha, lakini ni lazima afikiwe siku hiyohiyo.

Tatizo la pili ni maambukizi ndani ya jicho. Hutokea kwa nadra, ila yanaweza kulipofusha jicho. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, wekundu unaoongezeka na kuona kunakofifia katika siku za kwanza ni sababu ya kurudi hospitalini bila kungoja tarehe ya kliniki.

La tatu linahusu ile saizi. Daktari hupima pengo kati ya lenzi iliyopachikwa na lenzi ya asili kwa mashine inayopiga picha ya ndani ya jicho. Wengi hulenga pengo la takriban mikroni 250 hadi 750. Lenzi iliyo ndogo kuliko jicho hukaa chini mno, ikakaribia kuigusa lenzi ya asili, na baada ya muda mtoto wa jicho anaweza kuota mapema. Lenzi iliyo kubwa huinuka mno, ikaisukuma iris mbele na kuziba pembe ambamo maji ya jicho hutokea, na presha ikapanda. Mgonjwa anaweza asihisi lolote mwanzoni, ndiyo maana pengo hilo hupimwa kila anaporudi kliniki. Likiwa si salama, lenzi hutolewa na kubadilishwa na saizi nyingine. Huo ni upasuaji wa pili, na mgonjwa anapaswa kuuliza mapema nani atakayeulipia.

Lipo pia jambo linalosumbua bila kuwa hatari. Usiku, wengine huona duara za mwanga kuzunguka taa za magari, hasa miezi ya mwanzo. Kwa wengi hupungua. Dereva wa usiku alifikirie kabla ya kuamua.

Jicho bado ni refu

Hapa ndipo wengi hukosea. Baada ya upasuaji mgonjwa huona mbali, miwani huwekwa kando, na kliniki ya macho husahaulika. Lakini lenzi imerekebisha njia ya mwanga tu. Jicho la mwalimu wetu bado ni refu kama lilivyokuwa, na retina yake bado imevutika na kuwa nyembamba ili kufunika jicho kubwa kuliko kawaida. Retina ya namna hiyo huchanika kwa urahisi zaidi. Maji yakipenya kwenye mchaniko, retina hubanduka kutoka ukutani mwake na jicho linaweza kupofuka. Hatari ya glakoma pia huwa juu zaidi kwa wasioona mbali.

Kubanduka kwa retina hakuumi. Dalili zake ni mimweko ya ghafla kama radi pembeni mwa jicho, madoa mengi meusi yanayoelea ambayo hayakuwapo jana, au kivuli kama pazia linaloshuka au kupanda upande mmoja. Mtu mwenye mojawapo ya dalili hizi afike kwenye kliniki ya macho siku hiyohiyo na aseme waziwazi kwamba ana jicho la namba kubwa lililowekwa lenzi. Ikiwa sehemu ya katikati ya retina haijabanduka, upasuaji wa haraka una nafasi nzuri ya kuokoa uwezo wa kusoma na kutambua nyuso. Sehemu hiyo ikishabanduka, nafasi hiyo hupungua kadiri siku zinavyopita.

Kwa sababu hiyo, uchunguzi wa retina kwa kupanua mboni, kipimo cha presha na hesabu ya seli za konea huendelea kila mwaka, hata mtu akiwa anaona vizuri kabisa.

Umri nao unaendelea. Baada ya miaka 40 hivi, lenzi ya asili hupoteza uwezo wa kuona karibu, na mtu huhitaji miwani ya kusomea kama wengine. Uzeeni mtoto wa jicho akija, lenzi iliyopachikwa huondolewa wakati wa upasuaji huo na nyingine kuwekwa mahali pa ile ya asili.

Kabla ya kulipa

Mkazi aanze kwenye kliniki ya macho ya hospitali iliyo karibu naye, apimwe, na aombe barua ya rufaa kwa daktari bingwa wa macho. Usajili wa daktari unaweza kuthibitishwa kwenye orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini, KMPDC, iliyo mtandaoni. Kuhusu gharama, aulize Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, au bima yake, na apate jibu kwa maandishi kabla ya tarehe ya upasuaji.

Kwa daktari mwenyewe yapo maswali manne yanayofaa: Kina cha chumba cha mbele cha jicho langu ni milimita ngapi? Nina seli ngapi za konea? Retina yangu imechunguzwa mboni ikiwa imepanuliwa? Na lenzi ikihitaji kubadilishwa kwa saizi nyingine, gharama ni ya nani? Daktari aliyefanya vipimo atakuwa na majibu kwenye faili.

Baada ya upasuaji, mgonjwa hupewa kadi yenye nguvu ya lenzi, saizi na namba yake ya utambulisho. Aitunze pamoja na kitambulisho chake, na apige picha yake kwa simu. Daktari yeyote atakayemtibu jicho hilo miaka 20 au 30 baadaye ataihitaji.